Slaidi 46, barua saba: kugeuza mafunzo ya hesabu za duka kuwa somo la kila Jumanne

Karibuni. Leo tunachukua slaidi za mafunzo ya siku nzima na kuzigeuza kuwa mfululizo wa barua pepe fupi, somo moja kila wiki, zinazojituma zenyewe. Slaidi zenyewe ni hizi hapa: mafunzo ya hesabu kwa wenye maduka ya rejareja, slaidi 46, sehemu sita. Kuna utangulizi, daftari la mauzo, madeni, faida, kuhesabu bidhaa, na kufunga mwezi. Fungua faili lako uende nami.

Kwanza tunatoa maandishi. Kwenye PowerPoint nenda View, kisha Outline View. Maneno yote yanajipanga hapa kushoto, unanakili, unabandika kwenye hati mpya. Rahisi. Ila subiri, tazameni slaidi ya 19. Kushoto kuna kichwa cha habari tu, lakini kwenye slaidi yenyewe kuna maelezo matatu. Ngoja nisogeze kamera muone. Haya, sababu ni hii: Outline View inaonyesha maneno yaliyoandikwa kwenye nafasi za kawaida za slaidi peke yake. Aliyetengeneza slaidi akichora kisanduku chake pembeni na kuandika humo, maneno hayo hayaonekani hapa. Kwa hiyo ukishanakili, pitia slaidi moja moja ukilinganisha. Pitia na sehemu ya Notes chini, maana mkufunzi mzuri huweka mfano mtamu kule, na kwenye slaidi anaacha maneno manne tu.

Sasa kugawa masomo, na hapa tusikimbie. Kishawishi ni kusema sehemu sita, basi barua sita. Sehemu ya slaidi hupangwa kwa kufuata muda wa darasani, mpaka chai, mpaka chakula cha mchana. Somo la barua hupimwa kwa swali moja: mwenye duka akishasoma, kesho atafanya nini dukani? Jibu liwe tendo moja. Likiwa na matendo mawili, hayo ni masomo mawili.

Tupime. Utangulizi: kesho atafanya nini? Hakuna. Malengo ya mafunzo na ratiba vinabaki, huo si somo, tunauweka kwenye barua ya kukaribisha. Mauzo: ataandika kila mauzo siku hiyo hiyo. Moja. Madeni, slaidi ya 17 mpaka 24: ataandika deni kabla bidhaa haijatoka, na atawadai waliochelewa. Mbili hizo, tunakata. Faida nayo inakatwa, na hii napenda muione kwa karibu. Slaidi ya 28 ina kilo ya sukari iliyonunuliwa shilingi 2,400 na kuuzwa 3,000. Faida ni 600. Ukiipima kwa bei ya kununua ni asilimia 25. Ukiipima kwa bei ya kuuza ni asilimia 20. Darasani mkufunzi anasimama, anachora, anaulizwa, anarudia. Kwenye barua hakuna wa kuuliza papo hapo, na mtu akikutana na 25 na 20 kwa bidhaa moja atadhani kuna kosa la chapa. Asilimia 25 iende somo la nne, la kupanga bei. Asilimia 20 iende somo la tano, la kujua katika mauzo ya siku ni kiasi gani cha kwako. Kuhesabu bidhaa moja, kufunga mwezi moja. Jumla masomo saba na barua moja ya kukaribisha.

Tuandike somo la pili, kuandika deni. Hili ndilo naliandika hapa mbele yenu lote. Maneno 80 mpaka 200 yanatosha, msomaji wetu anasoma amesimama kaunta.

Kichwa cha barua: "Deni liandikwe kabla sukari haijatoka". Herufi 37 pamoja na nafasi. Simu nyingi hukata baada ya herufi 40 hivi, kwa hiyo neno zito likae mbele. Usianze na "Mafunzo ya Hesabu za Duka, Somo la Pili", maana hapo simu itakuwa imeshakata kabla mtu hajajua habari gani.

Mwili wa barua:

"Habari za kazi. Jirani amechukua kilo mbili za sukari, amesema atalipa jioni. Mteja mwingine anasubiri, ukasema utaandika baadaye. Jioni unakumbuka jirani alichukua kitu, hukumbuki ni kilo mbili au moja, na yeye anasema moja.

Fungua daftari la madeni, kila mteja ukurasa wake. Kila deni mstari mmoja wenye vitu vinne: tarehe, bidhaa na kiasi chake, shilingi ngapi, na siku aliyoahidi kulipa. Andika bidhaa ikiwa bado iko kaunta, mteja akiona.

Kazi ya wiki hii: hamisha madeni yote yaliyo kwenye vikaratasi na kichwani yaingie kwenye daftari. Ukimaliza, jibu barua hii kwa kutuandikia ni wateja wangapi unaowadai."

Basi, imekwisha. Slaidi za kuandika deni zimekuwa aya tatu. Tazameni nilichotupa: mchoro wa mikono inayopeana, maana ya neno "mkopo", na kila "kama tulivyoona kwenye slaidi iliyopita". Maneno kama hayo yatafuteni yote. "Hapo juu", "mchoro ufuatao", "asubuhi tulisema", yakibaki kwenye barua yanamwacha msomaji akitafuta kitu ambacho hakipo. Vivyo hivyo "mwezi huu" na "sikukuu inayokuja". Mmoja atajiandikisha Januari, mwingine Agosti, na barua ni ile ile.

Na tafadhali, msibandike picha ya slaidi. Slaidi imetengenezwa kwa ukuta wa ukumbi. Ikibanwa kwenye kioo cha simu herufi zinakuwa mchwa, na programu nyingine za barua hazionyeshi picha mpaka mtu aruhusu. Mkitaka picha, pigeni ya ukurasa halisi wa daftari ulioandikwa kwa kalamu, mistari mitatu tu. Mimi napenda hiyo kuliko jedwali lolote.

Salamu yenye jina. Natumia Mailchimp hapa, ndio mfumo unaozituma barua zenyewe. Ukiweka jina peke yake, aliyejiandikisha bila jina atapata "Habari ," na koma inaning'inia. Weka hivi:

```
*|IF:FNAME|*Habari *|FNAME|*,*|ELSE:|*Habari za kazi,*|END:IF|*
```

Anwani ya kujibiwa iwe ya mtu anayesoma. Tumewaomba watujibu, wakijibu ukutani hawajibu tena.

Haya, sasa muda. Wekeni kila kitu chini mnitazame, hapa ndipo mifululizo mingi inapoharibikia, na huoni kosa mpaka wiki zipite.

Kwenye mfumo, kati ya barua na barua kuna kisanduku cha kusubiri. Kisanduku hicho huhesabu kuanzia barua iliyotangulia. Hakihesabu kuanzia siku mtu alipojiandikisha. Mtu mwenye ratiba yake kwenye karatasi, siku ya 7, ya 14, ya 21, akiingiza namba hizo kama zilivyo, somo la pili litakuja siku ya 7 sawasawa, na yeye atafurahi. La tatu litakuja siku ya 21, la nne siku ya 42, na la saba siku ya 147, karibu miezi mitano, badala ya siku ya 42. Narudia: kuanzia barua iliyotangulia. Namba ni ile ile kwenye kila kisanduku.

Na namba yenyewe si 7. Ndiyo, nimesema si 7. Sisi tumefunga barua zitoke Jumanne tu saa tatu asubuhi. Somo la kwanza likitoka Jumanne saa tatu na dakika nne, ukihesabu siku saba kamili unafika Jumanne saa tatu na dakika nne. Mlango ulifunguliwa saa tatu, umeshakupita. Barua inakaa ikisubiri Jumanne nyingine, na wiki moja inakuwa mbili. Weka siku 6. Inakuwa tayari Jumatatu, inalala, Jumanne inatoka. Siku 6, kila kisanduku, visanduku vyote sita. Dalili ya kosa hili ni watu wanaokuuliza kwa nini barua zinakuja wiki moja ndiyo, wiki moja hapana.

Kati ya barua ya kukaribisha na somo la kwanza usiweke siku yoyote, acha isubiri Jumanne tu. Aliyejiandikisha Jumatatu atapata somo kesho yake, si vibaya.

Saa nayo. Saa tatu asubuhi kwenye mfumo inaandikwa 09:00. Akili ikiwa kwenye saa zetu, mkono unaandika 03:00 na barua inaingia saa tisa usiku watu wamelala. Halafu ingia kwenye mipangilio ya akaunti uhakikishe saa za eneo ni za Nairobi au Dar es Salaam, UTC+3. Akaunti mpya mara nyingi imewekwa saa za mahali pengine.

Jaribio. Weka anwani zako mbili, moja yenye jina na moja bila jina. Ondoa sharti la Jumanne, badilisha kila kusubiri kuwa muda mfupi kabisa unaoruhusiwa, kisha ujiandikishe. Mnaona simu inavyolia: karibu, mauzo, deni... hapa mbona ya nne imetangulia ya tatu? Sogeza kamera. Ni visanduku vimepishana, nilipokata somo la madeni la pili nililiweka chini ya faida. Narudisha juu. Tunajaribu tena... sasa zimefuatana.

Zisomee kwenye simu, si kwenye kompyuta. Bonyeza kiungo cha kujitoa kwa anwani moja uone barua zinakoma. Kama zilizotangulia zimeingia kwenye barua taka, usiwashe bado. Mwambie anayesimamia kikoa chenu aweke SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma, na barua kutoka kikoa kisichothibitishwa hukataliwa au kutupwa kando.

Kabla ya kuwasha, rudisha muda. Tusome pamoja kwa sauti, kidole kwenye kioo: karibu, hakuna siku. Somo la kwanza, Jumanne, 09:00. Kusubiri siku 6. La pili, Jumanne, 09:00. Siku 6. La tatu... hapa bado kuna dakika tano za jaribio, mmeiona? Siku 6. La nne, siku 6. La tano, siku 6. La sita, siku 6. La saba, mwisho, hakuna kisanduku baada yake.

Washa.