Kigari cha Mwanjelwa na ile 3 iliyojificha kwenye kona

SEKELA: Karibuni tena. Mbeya leo ni ukungu na baridi. Kaka Gwakisa kaja na koti la mvua studio.

GWAKISA: Dada, wewe unakaa karibu. Mimi nimetoka Uyole na bodaboda. Haya, leo umesema unayo picha.

SEKELA: Ninazo tatu. Mama mmoja kanunua kigari cha plastiki pale Mwanjelwa, cha mjukuu wake. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Alipofika nyumbani akaona maandishi mengi kwenye boksi, akapiga picha, akanitumia WhatsApp kwa kuwa anajua natafsiri. Akaandika: "Mwanangu nisomee hapa, muuzaji amesema ni cha miaka sifuri mpaka mitatu."

GWAKISA: Si sawa basi? Mtoto yumo humo humo.

SEKELA: Subiri. Muuzaji alikuwa anasoma alama, siyo maneno. Kuna kile kiduara chenye uso wa mtoto na namba 0-3. Unakijua?

GWAKISA: Nakiona kwenye maboksi. Mimi pia nilikuwa najua ni umri wa kuchezea.

SEKELA: Ni kinyume chake kabisa. Kile kiduara kina mstari mwekundu uliokata uso kwa mshazari, kama kibao cha barabarani cha kukataza. Maana yake mtoto wa sifuri hadi mitatu asipewe. Sasa boksi la huyu mama lilikaa juani kibandani muda mrefu, wekundu ukafifia. Kwenye picha mstari ni kama uzi wa waridi tu, usipokuza hauuoni. Anayebaki ni mtoto na namba zake, anakukaribisha.

GWAKISA: Duh! Kwa hiyo ukamwambia asimpe.

SEKELA: Bado. Sikutaka kutegemea alama iliyofifia. Nikaenda kwenye maneno, na hapo ndipo nilipotaka kukosea mimi mwenyewe. Kiingereza kilisomeka kwamba hakifai kwa watoto chini ya miezi 6.

GWAKISA: Miezi sita? Huyu ana kumi na nane. Kapita.

SEKELA: Ndivyo karatasi ilivyosema. Ila miezi 6 ikanikaa vibaya. Onyo la namna hiyo kwa kawaida huandikwa miezi 36. Nikatazama vizuri, nikaona mstari wa maandishi unazunguka kona ya boksi. Ile 3 imebaki upande wa pili, 6 imeanza upande huu. Mama kapiga picha upande mmoja.

GWAKISA: Kwa hiyo ulikisia?

SEKELA: Sikukisia hata kidogo. Maboksi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hurudia onyo hilo hilo kwa lugha kadhaa. Mimi Kijerumani sijui, Kifaransa nabangaiza, lakini namba ni namba. Mstari wa chini yake haukufika kwenye kona, na umeandikwa 36 waziwazi. Wa tatu vilevile. Namba ya lugha moja ikitofautiana na wenzake, ujue picha ndiyo yenye kasoro. Halafu 36 na ile 0-3 ya kiduara zinakubaliana.

GWAKISA: Hiyo nimeipenda. Na ungemwomba picha nyingine je?

SEKELA: Nilimwomba. Nikamwambia azime flashi, kwa sababu karatasi ya nailoni inang'aa na mwanga unafuta maneno. Aweke boksi juu ya kanga karibu na dirisha, apige kila upande akiwa amenyooka nao, na kona apige peke yake. Atume kama faili, siyo kama picha ya kawaida, maana WhatsApp inaibana na herufi ndogo zinakuwa kama chawa. Ile 3 ikaja.

GWAKISA: Haya, tafsiri sasa. Mimi ningeandika "hatari ya kukaba".

SEKELA: Anayekaba ni kibaka usiku, anakupiga kabali.

GWAKISA: (anacheka) Kweli bwana.

SEKELA: Kiingereza kina neno la kitu kukwama kooni, lingine la kufunikwa uso na mfuko ukakosa hewa, na lingine la kamba kuzunguka shingo. Sisi tukiandika "hatari ya kukosa hewa" kwa yote matatu, mama ataangalia mfuko wa plastiki, autupe, aone amemaliza. Gurudumu linabaki. "Kupaliwa" nalo linakaribia, lakini mtu akisikia kupaliwa anafikiria uji umepitia njia siyo, mtoto anakohoa kisha basi.

GWAKISA: Kwa hiyo?

SEKELA: Nikaacha kutafuta neno moja. Nikaandika sentensi: "ONYO! Asipewe mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Kina vipande vidogo vinavyoweza kukwama kooni na kumziba pumzi."

GWAKISA: Mbona umeacha miezi 36?

SEKELA: Nilimwachia na miezi kwenye mabano, maana kadi ya kliniki anahesabu kwa miezi. Ila "chini ya miaka mitatu" peke yake inateleza. Mtu anakwambia mtoto ana miaka mitatu kumbe ndiyo kwanza anaingia mwaka wa tatu. "Hajatimiza" inaziba huo mwanya. Na nimesema "vipande", siyo "sehemu ndogo". Sehemu ndogo unaweza kudhani ni sehemu ndogo tu ya kigari ndiyo yenye shida.

GWAKISA: Akakuelewa?

SEKELA: Akanijibu kwa sauti: "Lakini huyu mtoto ana akili sana."

GWAKISA: Bibi yeyote angesema hivyo!

SEKELA: Nikamweleza kwamba namba hii haipimi akili. Boksi hilo hilo lina 5+ sehemu nyingine, hiyo ndiyo ya uwezo wa kuchezea, kuunganisha vipande na kadhalika. Mtoto mwepesi wa miaka minne utamwachia. Lakini 0-3 inahusu koo, na umri ambao kila kitu kinapelekwa mdomoni. Wanaopima wana kikopo chenye upana wa milimita 31.7, chini kimekatwa mshazari, kina chake kinaanzia milimita 25.4 hadi 57.1. Kipande kikiingia chote bila kusukumwa, kinahesabiwa kidogo.

GWAKISA: Kikopo hicho Mbeya tunakipata wapi?

SEKELA: Chukua kile kigogo cha katikati ya karatasi ya chooni. Kina upana kama wa sentimita 4, kwa hiyo ni kikubwa kidogo kuliko kikopo chenyewe. Kitakachopita humo mwondolee mtoto. Nikamwambia avute matairi ya mpira kwa vidole, kwa nguvu kama ya mtoto anayelilia kitu. La pili likachomoka. Likapita kwenye kigogo likadondoka chini, tiki.

GWAKISA: Akasemaje?

SEKELA: Alinyamaza. Kisha akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu." Kigari kipo juu ya kabati mpaka mtoto atimize mitatu.

GWAKISA: Juu ya kabati?

SEKELA: Ndiyo.

GWAKISA: Dada, mwanangu akiwa na umri huo alikuwa anasukuma stuli mpaka kwenye kabati.

SEKELA: ...Ngoja nimpigie.