Kwa nini roketi ya Uhuru ilikatwa vipande vinne

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina Uhuru. Satelaiti yenyewe ilikuwa na kilo 142 hivi. Roketi, aina ya Scout, ilikaribia tani 20, na ilikuwa roketi nne zilizobebana: ya chini ikiisha inaachwa, inayofuata inawashwa.

Kwa nini nne? Kwa nini isiwe moja kubwa?

Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alichapisha jibu mwaka 1903. Nitaliandika ubaoni, msiogope:

```
Δv = u × ln(m0/m1)
```

Δv ni mwendo ambao roketi inaupata. u ni kasi ya gesi inayotoka nyuma. m0 ni uzito wa roketi kabla ya kuwaka, m1 ni uzito uliobaki fueli ikiisha. Balaa liko kwenye hiyo ln, logi asilia. Roketi ambayo uzito wake wa mwanzo ni mara 10 ya uliobaki inapata mwendo fulani. Ukitaka mwendo huo mara mbili, mara 20 haitoshi. Unahitaji mara 100.

Sasa tupige hesabu ya Malindi. Kuzunguka dunia kwenye kimo kile kunataka kilomita 7.6 kwa sekunde. Ongeza kinacholiwa na mvuto wa dunia na upinzani wa hewa, toa nusu kilomita hivi tunayopewa bure na mzunguko wa dunia hapa karibu na ikweta (ndiyo maana Waitaliano walikuja huku), tunabaki na kama 9. Gesi ya fueli ngumu, ile inayofanana na mpira, hutoka kwa kilomita 2.7 hivi kwa sekunde. Fomula inasema m0 lazima iwe mara 28 ya m1. Kwa tani 20, kinachobaki kisizidi kilo 714.

Lakini fueli inakaa ndani ya ganda. Tuseme ganda na bomba la kutolea moto ni sehemu moja ya kumi ya roketi: hizo ni kilo 2,000. Tumeshashindwa, na satelaiti hatujaipakia! Tujenge kubwa zaidi? Ganda nalo linakua. Uwiano haupiti 10, na mwendo haupiti kilomita 6.2 kwa sekunde, hata roketi ingekuwa ndefu kama mnara. Itapanda, itapinda, itarudi baharini.

Shida ni kwamba dakika za mwisho tunasukuma ganda tupu. Nani aliyemaliza dafu akaendelea kutembea na kifuu chake?

Basi tugawe ile 9 kwa hatua nne zinazolingana, kila moja ikiwa na ganda la sehemu ya kumi ya uzito wake. Hatua ya kwanza inaisha na kutupwa: katika kilo 20,000 zinabaki 7,440. Ya pili: 2,770. Ya tatu: 1,030. Ya nne: 382. Hizo 382 ndizo mzigo. Scout halisi ilibeba pungufu, kwa sababu viungio na vyombo vya kuongozea vina uzito, na hatua hazigawanywi kwa usawa wa karatasi yangu.

Mtu ataniuliza, basi si tuweke kumi? Nimepiga: kwa hesabu hiyohiyo hatua mbili zinabeba kilo 195, tatu 330, nne 382, tano 409. Ile ya tano inaongeza kilo 27 tu, nayo inaleta mwachano mwingine na mwasho mwingine. Fueli za kimiminika zina gesi yenye kasi zaidi. Haidrojeni na oksijeni hufika kilomita 4.4 hivi kwa sekunde, na nguvu ya kemia haituvushi mbali zaidi ya hapo. Kwa hizo, hatua mbili au tatu zinatosha.

Na mwachano si jambo dogo. Agosti 2008, roketi ya Falcon 1 katika safari yake ya tatu ilipanda vizuri kabisa. Injini ya chini ikazimwa, vipande vikaachana. Lakini ndani ya injini ile bado kulikuwa na msukumo kidogo uliobaki. Ardhini ulikuwa hauonekani, kwani shinikizo la hewa liliuficha; juu, palipo na utupu, ulitosha kukisukuma kipande cha chini kikakigonga cha juu kwa nyuma. Safari ikaishia hapo. Dawa yake ilikuwa kusubiri kidogo zaidi kati ya kuzima na kuachanisha. Mwezi uliofuata, roketi kama ile ilifika.