Hilo dirisha la Windows linaloomba ruhusa: usibonyeze "Yes" kabla hujalisoma

Haya jamani, habari za saa hizi. Niko dukani kwangu hapa Nkuhungu, Dodoma, steshenari ile ile na vumbi lile lile. Mkiona skrini ina ukungu, kamera haina shida, ni upepo wa leo. Nimeshaufuta mara mbili tangu asubuhi, nimechoka.

Leo naongelea lile dirisha linaloibuka katikati huku skrini nzima ikififia, juu limeandikwa User Account Control. Wengi mnalijua kama "lile la Yes na No". Kompyuta ninayotumia ina Windows 11. Kwenye Windows 10 mambo ni yale yale, vitufe tu ndio vimehama kidogo.

Kwanza tutenganishe akaunti. Kijana wangu wa kaunta hatakiwi kutumia akaunti ya msimamizi. Fungua Settings, nenda Accounts, halafu Other users, bofya Add account. Itakuomba barua pepe. Wewe chagua "I don't have this person's sign-in information", kisha "Add a user without a Microsoft account". Mimi nimeiita fundi. Weka nywila, jibu yale maswali matatu, maliza. Kisha ibofye, Change account type, chagua Administrator. Hapo hakuna ugumu, tusonge.

Subiri, hapa ndipo pagumu. Kabla hujaishusha akaunti ya kaunta kuwa Standard User, toka kabisa, ingia kwenye fundi kwa ile nywila uliyoiandika. Ingia kweli, uione desktop. Mimi mwaka juzi niliandika nywila mara zote mbili huku Caps Lock inawaka. Mara zote mbili! Kompyuta ikaona zinafanana, ikaridhika. Nikaishusha ya kaunta, nikafunga duka kwa furaha. Kesho yake nataka kuweka printa mpya, nywila inakataliwa. Nimekaa pale hadi saa nane mchana, wateja wanapiga miluzi, ndipo nikaona kile kitaa kidogo kwenye kibodi. Kwa hiyo narudia: ingia kwanza kwenye fundi. Umeingia? Basi ukiwa humo humo, nenda Other users, bofya kaunta, Change account type, Standard User. Toka, rudi kaunta.

Sasa nataka mwone kwa macho ruhusa inafanya nini. Nafungua Command Prompt kawaida tu, naandika:

```
whoami
```

Imejibu `pc-dukani\kaunta`. Sawa, ni mimi. Sasa nafungua nyingine, ila hii nabofya kitufe cha kulia, Run as administrator. Dirisha linakuja... aah! Rekodi ya skrini imekuwa nyeusi. Mnaona? Subirini nishike simu niwachukulie kwa kamera.

Haya, tumerudi. Kumbe hata hilo ni somo. Skrini ikififia vile, Windows imehamia kwenye desktop yake ya pembeni, ambayo programu za kawaida hazifiki. Programu yangu ya kurekodi haiwezi kuliona hilo dirisha, na kirusi kilichoingia kama kaunta nacho hakiwezi kusogeza kishale na kujibonyezea "Yes". Kinachobaki ni kidole cha mtu. Ndiyo maana wezi wanakihangaikia hicho kidole.

Naweka nywila ya fundi. Imefunguka. Naandika tena `whoami`. Someni wenyewe: `pc-dukani\fundi`. Mtu aliyekaa kwenye kiti ni yule yule, kibodi ile ile, lakini dirisha hili si la kaunta tena. Lina mamlaka yote ya fundi: kufungua akaunti mpya, kuingia mafolda ya watumiaji wengine, kuweka huduma inayojiwasha kila kompyuta ikiwaka. Programu yoyote utakayoiwekea nywila hapo, umeikabidhi hayo yote kwa mkupuo. Huwezi kuiambia "weka printa tu, mengine usiguse".

Nilikuwa sijalielewa hilo. Nywila nilikuwa nimeibandika chini ya kibodi ili kijana asinisumbue nikiwa sokoni. Akawa anaiandika kila dirisha likitokea, kama anavyopokea hela. Siku moja jioni naandika:

```
net localgroup Administrators
```

Nakuta jina la akaunti ambalo mimi sikulitengeneza, wala yeye. Nikamuuliza, leo uliweka nini? Akasema hakuweka kitu, alifungua tu barua ya mteja kwenye flashi, ikaomba nywila, akaiweka. Akaunti yake ilikuwa ya kawaida siku zote hizo, lakini kwa kile kikaratasi ilikuwa ya kawaida kwa jina tu. Nilipiga Windows upya siku hiyo hiyo.

Tuigize hiyo barua. Nimechukua programu ndogo isiyo na madhara, haina sahihi ya mtengenezaji, nimeipa jina nikaiweka kwenye flashi. Kwenye File Explorer mnaona "Barua ya kazi.pdf", basi. Ikoni sijaibadilisha, ila wenye nia mbaya huweka hata ile nyekundu ya PDF. Nabofya mara mbili. Simu tena... shikilia hapo, mkono unatetemeka.

Angalieni rangi, ni njano. Publisher: Unknown. File origin: Removable media on this computer, yaani imetoka kwenye flashi. Na jina! Kule Explorer ilificha mwisho wake, hapa limeandikwa lote: Barua ya kazi.pdf.exe. Ni programu hiyo. Hata kama usingeona chochote kati ya hivyo, jiulize: nilikuwa nafanya nini sasa hivi? Nilikuwa nafungua barua. Barua haiombi mamlaka ya msimamizi ili isomwe. Bonyeza "No". Haikufunguka, mmeona.

Tofautisha na hii ya printa niliyoianza mimi mwenyewe. Ni ya bluu, jina la kampuni liko kwenye Verified publisher. Hapo bado bofya Show more details uone faili liko wapi. Ila msije mkasema fundi kasema bluu ni salama. Hilo jina linakuambia nani kaweka sahihi na kwamba faili halijaguswa tangu aiweke. Kama mwenyewe ni mtu wa hovyo, halikuambii.

Na kuna kisichoomba kabisa. Kirusi kinaweza kukaa ndani ya akaunti ya kaunta bila kuuliza mtu, kikafunga kazi zote za wateja zilizo kwenye Documents, maana hizo ni mali ya kaunta na hazihitaji fundi. Kwa hilo dirisha halikusaidii. Mimi kila jioni nanakili kwenye diski ya nje, kisha naichomoa. Ukiiacha imechomekwa, nayo imo.

Siku hizi nywila iko kichwani kwangu. Kijana likimtokea dirisha ambalo hakulianzisha, anabonyeza "No" na kuniandikia jina lililokuwa kwenye dirisha. Kwa wiki anaweza asinipigie hata mara moja, maana kuchapa na kutoa kopi havihitaji...

Karibu mama. Kopi ngapi? Mbili, mbele na nyuma? Ngojeni nizime simu.