Asilimia 98 ya Nini?

Ndugu zangu, sitatumia muda kueleza akiba ya tahadhari ni nini wala kwa nini mzigo huchelewa. Wote mmekaa ghalani, mnayajua hayo. Nimekuja na jambo moja ambalo nimelisema katika kumbi nyingi na nitaendelea kulisema: lengo la huduma lililoandikwa kama asilimia, bila kutaja ni asilimia ya nini, halimwongozi mtu yeyote. Tena linaweza kuwaongoza watu wawili waaminifu kwenda pande mbili tofauti.

Tuchukue bidhaa moja tuifuate mpaka mwisho. Inauzwa katoni 10,000 kwa mwaka. Ukiagiza leo, mzigo unafika baada ya wiki moja, na ndani ya wiki hiyo huuzwa wastani wa katoni 200. Wiki nyingine ni 150, nyingine 250, mara chache ni zaidi ya hapo: mkengeuko sanifu ni katoni 50. Kila tukiagiza tunaagiza katoni 1,000, kwa hiyo kwa mwaka tunapokea mizigo 10.

Sasa mkurugenzi anaandika: "Kiwango cha huduma kiwe asilimia 98." Ofisa wa kwanza anaisoma hivi: katika kila mizunguko 100 ya kuagiza, 98 ipite bila rafu kuwa tupu kabla mzigo haujafika. Anafungua jedwali, anapata z ya 2.05, yaani idadi ya mikengeuko sanifu ya kuongeza juu ya wastani, anazidisha kwa 50, anaweka akiba ya tahadhari ya katoni 103. Anaagiza stoo ikishuka hadi 303.

Ofisa wa pili anaisoma hivi: katika kila katoni 100 zinazotakiwa na wateja, 98 zitoke rafuni palepale. Anapiga hesabu, kisha anasema hahitaji akiba ya tahadhari hata katoni moja. Anaagiza stoo ikifika 200, basi.

Nikifika hapa huwa wapo wanaotikisa kichwa. Haiwezekani, wanasema, ukiagiza kwenye 200 na wastani wa wiki ni 200, nusu ya mizunguko utaishiwa. Kweli kabisa, nusu utaishiwa. Lakini tuulize: ukiishiwa, unakosa katoni ngapi? Mzunguko mmoja utapungukiwa na 10, mwingine 60, na nusu nyingine hutapungukiwa na kitu. Ukichukua wastani wa mizunguko yote, mibaya na mizuri, upungufu ni 0.399, namba ya jedwali kwa z ya sifuri, mara 50, yaani karibu katoni 20. Na katika mzunguko huo umeuza kama katoni 1,000. Ishirini katika elfu moja ni asilimia 2. Ofisa wa pili amefikia asilimia 98 yake sawasawa, huku rafu yake ikiwa tupu mara 5 kwa mwaka.

Hakuna aliyekosea hesabu. Mmoja amepima kiwango cha huduma cha mzunguko, mwingine amepima kiwango cha kukidhi mahitaji. Tofauti yao ni katoni 103 zilizolala ghalani kwa mwaka mzima, kwa bidhaa moja tu. Zidisheni kwa bidhaa zote mlizonazo.

Kwa nini vipimo hivi vinaachana hivyo? Kwa sababu hatari ipo katika ile wiki ya kusubiri peke yake. Mzigo wa katoni 1,000 unaliwa kwa wiki 5. Wiki 4 rafu imejaa, kila anayekuja anapata, na wiki hizo zote zinaingia kwenye hesabu ya kukidhi na kuipandisha. Kiwango cha mzunguko hakizioni kabisa. Chenyewe kinauliza swali moja tu: je, tulivuka salama? Ukipungukiwa na katoni 1 au 100, kwake ni kosa lilelile.

Kwa hiyo kiungo kati ya vipimo hivi viwili ni ukubwa wa oda. Tupunguze oda iwe katoni 200 badala ya 1,000, mengine yote yabaki kama yalivyo. Ukiagiza tena kwenye 200 bila akiba, upungufu kwa mzunguko ni uleule wa 20, lakini sasa ni 20 katika 200. Kiwango cha kukidhi kimeanguka kutoka asilimia 98 hadi 90, na kiwango cha mzunguko hakijasogea, bado ni 50. Ukitaka kurudi kwenye 98 ya kukidhi, upungufu wa wastani ushuke hadi katoni 4, na hapo unahitaji z ya 1.02, yaani akiba ya katoni 51. Kila anayehamia oda ndogo za mara kwa mara na kuacha akiba yake ilivyokuwa hukutana na jambo hili. Wateja wanaanza kulalamika, ripoti ya mizunguko inaonyesha hali ni ileile, na lawama zinaangukia msambazaji.

Wanaotumia jedwali la kompyuta, upungufu huo msiukisie. Wekeni z katika seli A2, andikeni hivi, kisha jibu mlizidishe kwa mkengeuko sanifu wa wiki ya kusubiri na kugawa kwa ukubwa wa oda:

```
=NORM.S.DIST(A2,FALSE)-A2*(1-NORM.S.DIST(A2,TRUE))
```

Ukitoa matokeo hayo kwenye 1, umepata kiwango cha kukidhi. Hesabu hii inachukulia kwamba mauzo yanatawanyika pande zote mbili za wastani kwa ulinganifu. Bidhaa inayouzwa vipande 2 kwa mwezi haiko hivyo, msiilazimishe humu.

Kiwango cha kuishiwa nacho kinawachanganya watu, kwa sababu kinahesabiwa kwa njia kadhaa na zote zinabeba jina moja. Wapo wanaohesabu mizunguko iliyoishiwa. Hicho ni kinyume tu cha kiwango cha mzunguko, ukiwa na 98 cha kwanza una 2 cha pili. Wapo wanaohesabu mara ngapi kwa mwaka, na hapo idadi ya oda inaingia: ofisa mwenye oda za 200 na akiba ya 51 anaishiwa katika asilimia 15 ya mizunguko, lakini ana mizunguko 50, kwa hiyo anaishiwa kama mara 8 kwa mwaka. Wengine wanapita asubuhi na kuhesabu bidhaa zilizo kwenye sifuri. Hicho kinafaa kwa usimamizi wa siku, ila bidhaa iliyokufa na ile inayotoka kila saa zinahesabiwa sawa. Msilinganishe ghala mbili kabla ya kujua kila moja inahesabu ipi.

Sasa tuchague lengo. Najua mtu atasema: mwalimu, tuweke asilimia 99 kote tumalize. Hapana. Lengo halichaguliwi kwa kuwa linapendeza kwenye ripoti. Fikirini kuhusu katoni moja ya ziada kwenye akiba. Inakugharimu gharama ya kuitunza kwa mwaka mzima: fedha zilizofungwa, nafasi, uharibifu, bima. Inakusaidia lini? Katika mizunguko ile tu ambayo ungeishiwa. Kwa hiyo faida yake kwa mwaka ni idadi ya mizunguko, mara uwezekano wa kuishiwa, mara hasara ya kumkosesha mteja katoni moja. Endelea kuongeza katoni mpaka faida ilingane na gharama, kisha simama.

Tuseme kuitunza katoni hiyo mwaka mzima kunagharimu nusu ya hasara ya kuikosa mara moja. Kwa oda za 1,000 kuna mizunguko 10. Mara 10 uwezekano wa kuishiwa iwe sawa na 0.5, uwezekano ni asilimia 5. Lengo la mzunguko ni 95, akiba katoni 82. Kwa oda za 200 mizunguko ni 50. Uwezekano ni asilimia 1, lengo ni 99, akiba katoni 116. Bidhaa ileile, hasara ileile, malengo mawili ya mzunguko, na yote ni sahihi. Mkipiga hesabu ya kukidhi, zote mbili zinatoa karibu asilimia 99.9. Ndiyo maana anayeweka lengo moja la mzunguko kwa bidhaa zote anakosea pande zote mbili: bidhaa inayoagizwa mara mbili kwa mwaka anailinda kupita kiasi, na inayoagizwa kila wiki anaiacha wazi.

Mtaniambia hamjui hasara ya kumkosesha mteja katoni moja. Naikubali hoja hiyo. Ni kazi ngumu, na mteja anayesubiri si sawa na anayeondoka, wala na mgonjwa aliyekosa dawa. Basi igeuzeni hesabu. Chukueni lengo mlilopewa muone linadai hasara ni kiasi gani. Lengo la mzunguko la 99.9 kwa oda za 1,000: mara 10 ya 0.001 ni 0.01, yaani linasema kukosa katoni moja kunaumiza mara 100 ya kuitunza mwaka mzima. Kwa kipuri kinachosimamisha kiwanda, inawezekana. Kwa sabuni, sidhani. Na yule ofisa wa pili mwenye 98 ya kukidhi bila akiba? Mara 10 ya 0.5 ni 5. Anasema kumkosesha mteja ni nafuu mara tano kuliko kutunza katoni moja kwa mwaka. Mpelekeeni mkurugenzi sentensi hiyo badala ya asilimia, muone kama ataisaini.

Muda unakwisha na nilitaka kuzungumzia oda zenye bidhaa nyingi. Niseme tu kwamba oda ya bidhaa 10, kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 95 wa kupatikana na zikiwa hazitegemeani, hukamilika yote kwa asilimia 60 tu.

La mwisho, na hili ni la kesho asubuhi. Dukani kiwango cha kukidhi kilichopigwa kutoka kwenye risiti hutoka 100 siku zote, kwa sababu aliyekosa hakuacha risiti. Tazameni mauzo ya siku na salio la stoo kwa pamoja. Pale salio linapogusa sifuri na mauzo yakakatika siku hiyohiyo, mahitaji hayakuisha. Hesabuni siku hizo, zidisheni kwa mauzo ya wastani ya siku zenye bidhaa, ongezeni kwenye mahitaji. Msipofanya hivyo, wastani wa mahitaji utashuka, akiba itapunguzwa kwa kufuata wastani huo, na mzunguko unaofuata mtaishiwa mapema zaidi.