Jinsi ya Kuliandika Upya Chapisho Lililonakiliwa Bila Kupoteza Wazo Lake

Karibu mtazamaji. Leo tunalichukua chapisho ambalo maneno yake yamechukuliwa kwa mtu mwingine, tunaliandika upya hadi liwe la kwako, na wazo linabaki. Chukua karatasi na kalamu, kwa sababu kuna hatua moja ambayo simu haitakusaidia.

Mfano wetu ni wa kuhifadhi mahindi. Maandishi yote mawili unayoyaona kwenye skrini nimeyatunga kwa ajili ya zoezi hili. Juu ni chanzo:

"Mahindi yanapaswa kukaushwa vizuri kabla ya kuhifadhiwa ili kuzuia ukuaji wa kuvu. Kiwango cha unyevu kisizidi asilimia 13. Mkulima anashauriwa kupima ukavu kwa njia ya chumvi, kisha ahifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo huua wadudu bila dawa."

Chini yake ni chapisho la mtu aliyedhani ameandika lake:

"Mahindi yanatakiwa yakaushwe vyema kabla ya kutunzwa ili kukinga uotaji wa kuvu. Kiasi cha unyevunyevu kisivuke asilimia 13. Mkulima anapewa ushauri wa kupima ukavu kwa mbinu ya chumvi, halafu atunze mahindi kwenye mifuko isiyoingiza hewa, ambayo huangamiza wadudu pasipo dawa."

Hatua ya kwanza: yaweke maandishi mawili sambamba, uchore mstari kutoka kila sentensi ya chini kwenda kwenye mwenzake wa juu. Mistari yote imeshuka wima, hakuna hata mmoja uliokatiza mwingine. Sentensi ya kwanza ni kukausha na kuvu, ya pili unyevu, ya tatu chumvi, mifuko na wadudu, vilevile kama kwenye chanzo. Maneno mengi yamebadilishwa, lakini mpangilio ni wa mtu mwingine, na msomaji aliyewahi kukisoma chanzo atautambua mara moja.

Halafu angalia kubadilisha maneno kumefanya nini. "Isiyopitisha hewa" imegeuka kuwa "isiyoingiza hewa", na maana imeharibika. Mifuko hii haitoi wala haiingizi hewa. Wadudu waliofungiwa ndani, pamoja na nafaka yenyewe, huvuta oksijeni iliyomo mpaka inapungua sana, na wadudu hufa. Aliyebadilisha neno hakuwa akiifikiria mifuko, alikuwa akitafuta neno jingine tu. Na huo "uotaji wa kuvu", sijui nani huwa anasema hivyo.

Hatua ya pili ndiyo ya karatasi. Pitia chanzo, uandike hoja zake kwa maneno mawili matatu kila moja, bila kuunda sentensi. Mimi nimeandika hivi: unyevu, mwisho 13. Chumvi, ukavu. Mifuko, hewa, wadudu. Kuvu, kwa nini hatari? Hilo la mwisho ni swali, na maswali yaandike pia, tutayahitaji. Ukiandika sentensi kamili hapa, umenakili kwa mkono badala ya kunakili kwa kidole.

Mbele ya kila hoja weka alama. Asilimia 13 na mifuko ni maarifa ya wote, bwana shamba yeyote atakwambia, kwa hiyo huhitaji ruhusa ya mtu kuyasema. Lakini kama mwandishi ameeleza jaribio alilofanya kwenye ghala lake, au ametoa mfano aliouwaza mwenyewe, andika "yake". Hivyo utavitaja kwa jina lake.

Hatua ya tatu: funga chanzo. Kifunge kabisa, usikiache wazi kwenye dirisha jingine. Sasa jiulize nani atasoma na anataka kujua nini. Chanzo kilisema na "mkulima" kwa jumla. Mimi namwandikia mama mwenye gunia tatu nyumbani, na swali lake ni moja: nitajuaje kama yamekauka? Basi nitaanza na chumvi, hoja ambayo chanzo kiliipitia kwa maneno machache tu katikati.

Na hapa ndipo unapogundua kama ulielewa. Nikitaka kumweleza mama huyu namna ya kupima, chanzo hakinisaidii, kwani kimesema "njia ya chumvi" na kuishia hapo. Lazima nitafute, na bora zaidi nijaribu mwenyewe. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Unatia mahindi yafike kama theluthi ya chupa, na chumvi kavu kiasi. Unatikisa vizuri, unaacha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi.

Lakini ubichi wa kiasi gani? Chumvi huanza kushika kwenye kioo unyevu ukizidi takriban asilimia 15. Kwa hiyo chupa safi haijathibitisha asilimia 13. Chanzo kiliziweka hoja hizo mbili pamoja kana kwamba moja inapima nyingine, na aliyenakili akalibeba pengo hilo bila kuliona. Wewe umeliona kwa sababu ulilazimika kueleza.

Hatua ya nne: sema kwanza, uandike baadaye. Washa kinasa sauti cha simu, umweleze mama huyo kama amekaa mbele yako, kisha andika ulichosema. Langu limetoka hivi:

"Kabla hujafunga gunia, chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi na chumvi, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Isipoganda bado usifunge, anika tena siku moja mbili, maana chupa inakuonyesha asilimia 15 na wewe unataka 13. Kama bwana shamba ana kipimo cha unyevu, mwombe akupimie. Ukiyafungia yakiwa na maji kwenye mifuko isiyopitisha hewa, wadudu watakufa lakini nafaka itaharibika. Na ikishaingia sumukuvu, kuipika hakuiondoi."

Hatua ya tano: fungua chanzo tena, ulinganishe. Tafuta mahali ambapo maneno matano au sita yamefuatana vilevile, na uchore ile mistari ya mwanzo. Safari hii inakatizana. "Mifuko isiyopitisha hewa" imebaki, na ibaki, ndilo jina lake. Majina ya vitu na tarakimu usizipindishe. Ukikuta sentensi nzima bado inafanana, usibadilishe neno moja moja. Ifute, urudi kwenye karatasi yako. Kama sentensi ya mwenzako ni nzuri kiasi kwamba huwezi kuiacha, iweke kwenye alama za kunukuu na jina lake, nayo iwe moja tu.

Kisheria, Mkataba wa TRIPS wa 1994, ambao ni mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, kifungu cha 9, unasema hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo lenyewe. Kwa hiyo wazo la chumvi ni ruhusa. Picha ya chupa aliyoipiga mwenzako ni kazi yake, hata ukiikata pembeni. Piga ya kwako, chupa unayo.

Mwisho, kwenye mstari wa chini andika ulikoanzia: "Wazo hili nililipata kwa fulani", na kiungo chake. Kama chapisho la zamani limeshapanda, lifungue, bonyeza kuhariri, ubandike jipya juu yake, na huo mstari usiusahau.