Misimu kumi na mbili ni miaka mingapi? Mhadhara kuhusu kiinua mgongo cha wafanyakazi wa msimu

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nimeambiwa wengi humu ni viongozi wa matawi ya chama cha wafanyakazi, mnatoka kwenye miwa, mkonge, maua, na swali mlilonitumia ni moja tu: mtu anaitwa shambani kila mwaka, anafanya miezi sita saba, msimu ukiisha anaambiwa nenda nyumbani tutakuita, na kweli wanamwita, miaka kumi na mbili hivyo hivyo, halafu siku moja hawamwiti. Ile misimu inajumlishwa kwenye kiinua mgongo au kila msimu umekufa na chake?

Nitaanza mbali kidogo, Ufilipino, mtanivumilia. Kuna kesi kule iliamuliwa na Mahakama ya Juu Desemba 1998 na sijaona kesi nyingine iliyoingia kwenye hesabu yenyewe namna ile, nyingi zinaishia kusema "ana haki" halafu hesabu mnaachiwa wenyewe mkagombane.

Kampuni ilikuwa ya kukausha na kusindika tumbaku, Philippine Tobacco Flue-Curing and Redrying Corporation, kiwanda kilikuwa Balintawak, eneo la Metro Manila. Tumbaku mnaijua, kiwanda kinafuata mavuno, jani likiisha hakuna kazi. Mwaka 1994 wakaamua kufunga Balintawak na kuhamishia kazi Candon, kaskazini huko kunakolimwa tumbaku. Wafanyakazi wa msimu wakawa makundi mawili. Kundi moja lilifanya msimu wa 1994 likakuta kiwanda kinafungwa. Kundi la pili halikuitwa kabisa msimu ule, na kampuni ikasema hao hatukuwafukuza, hatukuwachukua tu, msimu wao uliopita uliisha wenyewe.

Hapo kwenye "uliisha wenyewe" ndipo kesi nzima ilipo. Mahakama ikakataa. Ikasema mtu anayeitwa msimu baada ya msimu ajira yake haikatiki msimu unapoisha, inasimama tu, ni kama yuko likizo isiyo na malipo mpaka kazi irudi. Na hilo hawakulitunga siku ile, lilikuwepo tangu kesi ya mwaka 1963 ya wafanyakazi wa hoteli moja Baguio, mji wa milimani ambako wageni huenda kwa msimu. Kwa hiyo kutowaita wale wa kundi la pili ikahesabika ni kuwaachisha kazi, tena isivyo halali. Kampuni ikajitetea pia kwamba imepata hasara kubwa hivyo hailazimiki kulipa, ila mahesabu iliyoleta yalikuwa ya upande wa tumbaku peke yake wakati ilikuwa na biashara nyingine, mahindi na kupangisha majengo, sasa hasara ya kampuni utaithibitishaje kwa kuonyesha mfuko mmoja? Ikashindwa.

Sasa hesabu. Sheria yao kampuni ikifunga bila hasara kubwa inalipa nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka wa kazi, au mshahara wa mwezi mmoja, kipi kikubwa. Na kuna sentensi fupi pale: kipande cha mwaka kisichopungua miezi sita kinahesabiwa mwaka mzima. Ishikeni hiyo sentensi.

Tumchukue mtu wa mfano, huyu nimemtunga mimi ili namba zikae vizuri. Kafanya misimu 12. Misimu 8 ilikuwa mirefu, miezi saba saba, siku 175 za kazi kila msimu. Misimu 4 ilikuwa mibovu, miezi minne tu, siku 100 kila mmoja. Wastani wa mshahara wake wa mwezi msimu wa mwisho ni peso 5,000, kwa hiyo nusu ni 2,500.

Kampuni ilikuja na fomula yake: kusanya siku zote alizofanya, gawanya kwa 303, kwamba ndizo siku za kazi za mwaka mmoja. Huyu wetu ana siku 1,800, ukigawanya unapata kama miaka 5.94, mara 2,500 ni karibu peso 14,850. Hesabu ya pili, ambayo mfanyakazi yeyote angeipenda, kila msimu ni mwaka, 12 mara 2,500, peso 30,000. Mahakama haikuchukua yoyote kati ya hizo. Ilisema 303 si ya haki na haiendani na sheria, maana sheria yenyewe imeshasema miezi sita ni mwaka, na miezi sita haifiki siku 303 hata ukimfanyisha mtu Jumapili. Kwa hiyo: nusu ya wastani wa mshahara wa mwezi wa msimu wa mwisho, mara idadi ya miaka aliyofanya kazi, ilimradi mwaka huo alifanya miezi sita au zaidi. Huyu wetu ana miaka 8, anapata peso 20,000.

Naona mnatikisa vichwa kwa kuridhika, subirini kwanza. Mchukue mwenzake ambaye misimu yake yote 12 ilikuwa ya miezi mitano, siku 125. Kwa fomula ya kampuni ana siku 1,500, karibu miaka 5, anapata kama peso 12,375. Kwa fomula ya mahakama hana hata mwaka mmoja! Anabaki na kile kima cha chini, mshahara wa mwezi mmoja, 5,000. Yaani fomula iliyoitwa ya kionevu ingemlipa zaidi ya mara mbili. Mimi naona hapo mahakama iliwaangalia wale waliokuwa mbele yake ikasahau wa misimu mifupi, na kwa wavuna matunda au wapalizi hiyo ndiyo misimu ya kawaida. Na mwajiri mjanja akishajua mstari uko kwenye miezi sita, mtaona misimu inaanza kuishia kwenye miezi mitano na siku ishirini na nane.

Kingine, si kila anayerudi shambani yumo. Mwaka 1991 mahakama hiyo hiyo iliwanyima vibarua wa shamba la mpunga na miwa kwa sababu walikuwa wanachukuliwa kwa kipande fulani cha kazi, wakimaliza wako huru kwenda kwa jirani, na walikuwa wanakwenda. Halafu 2003, kesi ya Hacienda Fatima, miwa tena, wafanyakazi wakashinda, kwa sababu walikuwa wanaitwa na shamba lile lile kwa kazi ile ile miaka na miaka. Mahakama ikasema ukitaka kumtoa mtu kwenye kundi la wafanyakazi wa kudumu, haitoshi kuonyesha kazi yake ni ya msimu, uonyeshe pia kwamba aliajiriwa kwa msimu mmoja tu.

Turudi nyumbani, Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366, mimi natumia namba za toleo la 2019, kama mna toleo jipya angalieni namba. Kifungu cha 42: kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi wa mfululizo, mwisho miaka 10, na uwe umetimiza miezi 12 ya mfululizo. Mfululizo, ndiyo kazi yote ipo hapo. Wafilipino walikuwa na ile sentensi ya miezi sita, sisi hatuna.

Na mwanasheria wa mwajiri akiwa anajua kazi yake atawafungulia kurasa za jirani. Kifungu cha 29, cha likizo: mfanyakazi wa msimu ametajwa kwa jina kwamba ana likizo ya malipo, na aliyefanya zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yule yule vipindi vyake vinajumlishwa kuona kama vimezidi miezi sita. Kifungu cha 35, cha kuachishwa kazi: miezi sita inahesabiwa iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Atasema Bunge lilijua kuandika neno la kujumlisha, likaandika kule, kwenye 42 halikuandika, basi halikutaka. Hiyo hoja ina nguvu, msiibeze. Tena kifungu kidogo cha 42(3) kinamtoa mtu ambaye mkataba wake umeisha kwa muda wake kupita.

Jibu lenu linapita mlango mwingine. Msiombe vipindi kumi na mbili vijumlishwe, semeni kipindi ni kimoja na hakijawahi kukatika, kilikuwa kinasimama na kuendelea. Na lile la muda kuisha mnalijibu kwa kifungu cha 36: mwajiri akikataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, huko ni kuachishwa kazi.

Tofauti ya pesa ndiyo hii. Mtu wa shilingi 8,000 kwa siku, siku 7 ni 56,000. Misimu 12 ya miezi saba. Mwajiri akishinda, sifuri, maana hakuna msimu uliofika miezi 12. Ukijumlisha miezi aliyofanya ni 84, miaka 7, sawa na 392,000. Ikikubalika ajira ilikuwa moja tangu msimu wa kwanza ni miaka 12, inakatwa kwenye 10, anapata 560,000.

Sasa kuthibitisha kwamba ni moja, angalieni vitu vidogo: namba yake ya kazi ni ile ile kila mwaka au anapewa mpya? Je, msimu ukiisha anarudisha panga, buti na kitambulisho, au vinabaki kwake? Anaitwaje, kwa simu kutoka kwenye orodha ya zamani, au anapanga foleni getini na wageni? Analipwa likizo na kupewa cheti cha utumishi kila msimu? Kama anapewa cheti na anasaini kwamba amemalizana na mwajiri, hapo pagumu, hiyo ni dalili ya kukatika. Picha za masta roli na michango ya NSSF ya miezi ile zitaonyesha vipindi. Na kama mwajiri hakumpa mkataba wa maandishi, kifungu cha 15 kinamtupia yeye mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi.

Ya mwisho ni muda, hii inaua kesi nyingi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ni ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Mtu wa msimu siku zake zinaanza lini na hakuna barua? Asisubiri msimu uishe akitumaini. Siku wenzake wanapoitwa na yeye hakuitwa, aandike tarehe, aulize ofisini kwa maandishi, na zile 30 azihesabu kuanzia hapo.

Haya, maswali. Mama wa mkonge pale, nilikuona umenyoosha mkono kitambo.