Funga Noti, Eleza: Diskasheni ya Manesi Wanafunzi

SAUDA: Haya wasikilizaji karibuni tena, niko hapa na kaka Okello na leo ni diskasheni. Okello, we umesoma bodingi, diskasheni yenu ilikuwaje?

OKELLO: Aah dada, si unajua, usiku wa prepu watu kumi wanajifungia darasani, mmoja ana noti mkononi anaandika ubaoni, wengine tunakopi, tukitoka hapo kila mtu anajiona ameiva kabisa.

SAUDA: Na huyo mwenye noti, anasoma mstari anaandika mstari?

OKELLO: Neno kwa neno.

SAUDA: Basi huyo hafundishi, anahamisha wino tu. Kuna utafiti ulitoka Singapore 2018, wa Koh na wenzake, waliwapa wanafunzi somo la athari ya Doppler, ile ya sauti ya gari kubadilika likikupita. Kuna waliofundisha wakiwa na maandishi ya kusoma, kuna waliofundisha bila noti, na kuna ambao hawakufundisha mtu, waliandika tu kila wanachokumbuka. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani. Waliofundisha bila noti wakawashinda waliosoma kwenye maandishi.

OKELLO: Na wale walioandika wanachokumbuka?

SAUDA: Hao walikuwa sawa tu na waliofundisha bila noti.

OKELLO: Ngoja kidogo, kumbe kufundisha kwenyewe siyo dawa? Si bora nikae na karatasi yangu chumbani, watu wa nini.

SAUDA: Swali zuri. Kazi kubwa inafanywa na kule kukitoa kitu kichwani bila kuchungulia, na hiyo unaweza kuifanya peke yako. Ndiyo maana zile picha zinazozunguka mtandaoni eti ukifundisha unakumbuka asilimia 90, mi huwa nazipita, hizo namba hazina utafiti nyuma yake. Lakini karatasi haikuulizi kitu. Mwenzako atakuuliza.

OKELLO: Kama anasikiliza.

SAUDA: Kama anasikiliza, eeh. Roscoe na Chi, 2007, walipitia tafiti nyingi za wanafunzi wanaofundisha wenzao, wakaona mara nyingi mfundishaji anamwaga tu anachokijua, hajengi kitu kipya. Anaanza kujenga akiulizwa swali linalomlazimisha afikirie. Kwa hiyo kwenye kikundi, kumfundisha msikilizaji namna ya kuuliza ni kazi sawa na ya msemaji.

OKELLO: Nipe mfano wa kweli, siyo nadharia.

SAUDA: Si mi naongoza vipindi vya wanafunzi wa unesi huku Arua. Kuna hesabu inawatesa, ya matone ya dripu. Mgonjwa apewe mililita 1000 kwa masaa 8, seti, yaani ule mrija wa dripu, inatoa matone 20 kwa mililita, matone mangapi kwa dakika? Msichana mmoja akasimama, daftari liko kwenye begi, akaandika 1000 mara 20, gawa kwa 480, ndizo dakika za masaa 8, inakuja 41 na pointi, anaita 42. Safi, darasa zima linaitikia kwa kichwa.

OKELLO: Amemaliza, apigiwe makofi akae.

SAUDA: Ndivyo ilivyotaka kuwa. Halafu mwenzake wa nyuma akauliza, hiyo 20 umeitoa wapi? Kimya. Akasema ni namba ya fomula. Hapo ndipo ujue mtu anaimba tu. Ile 20 siyo ya fomula, ni ya seti, imeandikwa kwenye pakiti yake, na seti ya watoto huwa inatoa matone 60 kwa mililita moja.

OKELLO: Kwa hiyo akikuta seti nyingine wodini bado ataweka 20.

SAUDA: Na mgonjwa atapata theluthi moja ya maji aliyoandikiwa. Basi mwenzake hakumwachia, akasema haya, fanya na seti ya 60. Akaandika 1000 mara 60 gawa kwa 480, ikatoka 125. Akaiangalia sana ile 125, akarudi juu akagawa 1000 kwa 8, ikatoka 125 tena. Akageuka anatuangalia.

OKELLO: Subiri, mbona zinafanana?

SAUDA: Ndicho alichouliza yeye mwenyewe, hakuna aliyemwambia! Akajijibu palepale ubaoni, kwamba saa ina dakika 60 na mililita ina matone 60, juu na chini zinafutana, kwa hiyo kwa seti ile mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika, huhitaji hata kalkuleta. Alikuwa na fomula tangu semista ya kwanza na hajawahi kuiona hiyo. Ilitoka kwa sababu ya swali moja.

OKELLO: Sawa, lakini mi nina wasiwasi. Hapo swali lilikuwa zuri. Kuna kikundi ambacho mtu anaeleza vibaya kwa kujiamini sana, na wote wanabeba uongo nyumbani.

SAUDA: Hilo lipo, na ni baya kuliko kutokukutana kabisa, kwa sababu kitu ulichoelezwa na rafiki yako unakiamini haraka. Sisi tuko watano watano, na mmoja kati ya watano ndiye pekee mwenye kitabu wazi. Hasemi kitu mpaka msemaji amalize dakika zake kumi. Akiona kosa analiandika pembeni, mwisho anasoma mstari wa kitabu kama ulivyo, wanabishana na kitabu, siyo na yeye.

OKELLO: Kwa nini asimkatize tu mapema?

SAUDA: Akimkatiza anamnyima ile kazi ya kutafuta kichwani, na ndiyo tuliyokuja kuifanya. Mtu akikwama aachwe akwame kidogo, sekunde thelathini za kimya zinaonekana ndefu lakini haziuwi mtu. Halafu wengine watatu wanaruhusiwa maswali ya aina hizi tu: kwa nini, ingekuwaje kama, na umejuaje. Ukiuliza "rudia hapo" umempa nafasi ya kukariri upya.

OKELLO: Na nani anafundisha? Kwetu alikuwa yuleyule mkali wa hesabu kila siku, si alizidi kuiva yeye tu, sisi tukabaki palepale.

SAUDA: Mada anapewa aliyeifeli, na anaambiwa siku moja kabla. Siyo kumkomoa, asome kwanza, maana ukisimama hujasoma kabisa hakuna cha kutoa kichwani, hapo kikundi kinageuka kijiwe.

OKELLO: Na utajuaje imeingia?

SAUDA: Wiki inayofuata namba zinabadilika. Nakupa wewe sasa hivi, hujawahi kusomea unesi. Mililita 500, masaa 4, seti ya 20.

OKELLO: We dada... 500 mara 20 ni 10,000. Masaa 4 ni dakika 240. Inakuja... 41 na pointi. 42 tena?

SAUDA: Kwa nini tena?

OKELLO: Kwa sababu... maji ni nusu, na muda ni nusu, kwa hiyo kasi haijabadilika. Ni 125 kwa saa ileile.

SAUDA: Na ningekupa masaa 4 hayohayo lakini mililita 1000?

OKELLO: Inakuwa mara mbili, 83 hivi. Usinicheke, niache nieleze kwa nini.